Mlio wa malipo dukani: kwa nini ilimba ilipotea ndani ya spika ya simu

Kisa hiki ni cha mlio mmoja usiofika hata sekunde moja. Walionipa kazi walikuwa vijana wachache wa Dar es Salaam wanaotengeneza programu ya simu kwa wenye maduka. Mteja akilipa kwa Lipa Namba, simu ya muuzaji inalia na kiasi kilicholipwa kinaonekana kwenye skrini. Mlio walikuwa nao tayari. Waliurekodi kwa ilimba, ile marimba ya vidole ya Wagogo, na ukiusikiliza kwa spika kubwa za studio ulikuwa mtamu kweli: noti sita zinazopanda taratibu, kama sekunde tatu hivi, na mvumo mzito unaobaki hewani. Dukani haukufanya kazi. Muuzaji wa nafaka aliyekuwa akiwajaribia aliwaambia, "Hii inafanya tik tik tik, nadhani ni kidole kimegonga kioo." Nao wakadhani dawa ni kuongeza sauti.

Kuongeza sauti hakukusaidia, na sababu yake ndiyo kiini cha kisa chote.

Spika ya simu ina utando usiozidi sana ukubwa wa ukucha, na utando huo husogea kwa sehemu ndogo tu ya milimita. Ili noti nzito isikike, spika lazima isukume hewa nyingi, na hii haina eneo wala nafasi ya kufanya hivyo. Kwa simu nyingi, kuanzia kama hezi 800 kushuka chini, sauti hupungua kwa takriban desibeli 12 kila unaposhuka oktavu moja, yaani kila hezi zinapopungua kwa nusu. Noti ya hezi 220 iko oktavu mbili chini ya 880, kwa hiyo imepoteza kama desibeli 24. Kwa lugha nyepesi, msukumo wake wa hewa umebaki sehemu moja ya kumi na sita. Ukiongeza nguvu kufidia hasara hiyo, ama utando unaanza kukwaruza, ama kikuza sauti cha simu kinajilinda kwa kukata noti nzito chenyewe. Noti za mlio ule wote zilikuwa kati ya hezi 220 na 440.

Lakini hilo peke yake halielezi ile tik tik. Sauti ya mtu anayeimba kwa hezi 220 inasikika vizuri tu kwenye simu hiyohiyo, na tunaitambua kuwa ni nzito. Inawezekanaje? Mtu anapoimba noti hiyo, koo lake linatoa pia 440, 660, 880, 1100 na kuendelea, zote zikiwa vigawe kamili vya 220. Spika inameza zile za chini, lakini zilizobaki juu zimepangana kwa hatua za 220, na ubongo unaposikia mpangilio huo unajijazia wenyewe noti ya msingi iliyokosekana. Gitaa, filimbi na udi vinaokolewa na jambo hilohilo.

Ilimba haiokolewi. Ulimi wake ni kipande cha chuma kilichobanwa upande mmoja na kuachwa huru upande mwingine, na chuma cha namna hiyo hakitoi vigawe kamili. Toni yake ya pili huwa takriban mara 6.27 ya noti ya msingi, na ya tatu kama mara 17.5. Ulimi wa hezi 220 basi unatoa 220, kisha karibu 1380, na katikati hakuna kitu cha maana. Spika ikimeza ile 220, kinachobaki ni 1380 peke yake, ambayo haina uhusiano wowote ambao sikio linaweza kuutumia kuirudisha noti ya msingi. Tena toni hiyo ya juu hufa haraka sana baada ya kidole kuachia ulimi. Kwa hiyo tik aliyoisikia yule muuzaji ilikuwa ndiyo sehemu pekee ya ilimba iliyopona. Alisikia sawasawa kabisa.

Hili unaweza kulisikia kwenye kompyuta bila kugusa simu. Kichujio kinachokata chini ya hezi 800 kwa mteremko wa desibeli 12 kwa oktavu kinaiga spika ndogo kwa kiasi cha kutosha:

```
ffplay -af "highpass=f=800" rasimu.wav
```

Niliwafanyia hivyo wale vijana wakiwa wamekaa mbele ya spika kubwa zilezile walizozipenda. Wimbo ukatoweka na tik zikabaki. Hapakuwa na haja ya mjadala tena.

Pendekezo lao la kwanza lilikuwa kuupandisha wimbo uleule oktavu mbili, ili 220 iwe 880. Ni wazo la busara, na nililisikiliza pamoja nao. Sasa noti za msingi zilisikika, lakini ile toni ya pili nayo ilipanda hadi kama hezi 5500, na kila noti ikawa na ncha kali inayochoma. Kwa mlio wa kusikika mara moja kwa siku mtu angevumilia. Muuzaji wa duka lenye wateja wengi anausikia mara mia na zaidi, na ncha kama hiyo humfanya azime mlio kabla ya wiki kuisha. Nilipendekeza tuachane na rekodi, tutengeneze sauti mpya yenye tabia ya kugongwa kama ilimba, lakini toni zake zikiwa zimepangwa kwa ajili ya spika hii.

Sauti tuliyoijenga ina noti ya msingi, toni ya mara mbili yake kwa nusu ya nguvu, na toni ya mara tatu kwa sehemu ya kumi tu. Mwanzoni kuna mchakacho mfupi sana wa kelele laini, milisekunde chache, unaochukua nafasi ya kidole kinapogusa chuma. Mchakacho huo una kazi mbili. Unaipa sauti hali ya kitu kilichogongwa, na unamsaidia muuzaji kujua mlio umetoka upande gani. Toni safi isiyo na mchakacho, hasa kati ya hezi 1000 na 3000, ni ngumu kwa masikio yetu kuitafutia mahali, na ndiyo maana simu ikilia kwa toni kama hiyo kwenye chumba cha watu wengi kila mmoja anapapasa mfuko wake.

Noti yenyewe inafika kileleni kwa kama milisekunde 8. Ikianza papo hapo kwa nguvu zote, spika inatoa mlipuko mdogo na mtu anashtuka. Ikichukua milisekunde 40 inakuwa laini mno, na katikati ya kelele za duka huwezi kusikia noti moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi.

Tukaja kwenye wimbo. Hapa ndipo watunzi wengi hutumia muda mwingi kuchagua noti, na mimi naamini muda huo ni bora utumike kwenye mapigo. Katika kelele, jambo la kwanza kupotea ni kujua noti imepanda kwa kiasi gani. Jambo la mwisho kupotea ni lini imepigwa. Waliowahi kushika simu za Nokia za zamani wanaukumbuka ule mlio wa ujumbe ulioitwa `Special`: mapigo matatu mafupi, mawili marefu, matatu mafupi. Ni herufi SMS kwa alama za Morse. Hauhitaji wimbo hata kidogo, mapigo yake peke yake yanatosha, na ulitambulika hata ukiwa kwenye mkoba ndani ya basi.

Mfano wa upande wa pili uko hospitalini. Kiwango cha kimataifa cha ving'ora vya vifaa vya tiba, IEC 60601-1-8, kilipendekeza mwaka 2006 nyimbo fupi tofauti kwa hatari za aina tofauti: moyo, upumuaji, joto na kadhalika. Nyimbo za kiwango kimoja cha dharura zilikuwa na mapigo yaleyale na idadi ileile ya noti, zikitofautiana kwa noti tu. Wahudumu wa afya walishindwa kuzishika vichwani, na tafiti zilipolithibitisha hilo, marekebisho ya mwaka 2020 yalileta sauti za aina nyingine kabisa zinazofanana na jambo lenyewe. Kama wauguzi waliofunzwa, ndani ya chumba kilicho kimya kuliko soko, hawakuweza kutofautisha nyimbo kwa noti peke yake, muuza nafaka wa Kariakoo tusimdai hivyo.

Kwa hiyo tulianza kwa kugonga meza. Vijana walitaka mlio uwe na asili ya nyumbani, na hilo nililiunga mkono, kwa kuwa milio mingi ya simu ina noti mbili au tatu zenye urefu sawa. Mapigo ya sita kwa nane, yale ambayo chakacha ya pwani imejengwa juu yake, yanagawa muda kwa ndefu na fupi: taa-ta-taa-taaa. Ukiligonga hilo mara moja, mtu wa pwani analijibu kwa bega kabla hajafikiri. Na halifanani na mlio wowote uliokuja na simu zile tulizokuwa nazo mezani.

Noti zilikuja juu ya mapigo hayo. Tulihitaji zote ziwe juu ya hezi 1000, mahali ambapo spika ina nguvu, na kelele za injini za bajaji, feni na jenereta, ambazo nyingi ziko chini ya hapo, zinaziachia nafasi. Hatukutaka kuzidi sana 1800 kwa noti ya msingi, ili toni ya mara mbili isipite kwenye eneo kali. Tulichochagua ni E ya hezi 1319, kisha D ya 1175, kisha A ya 1760 mara mbili. Kwa wanakwaya, ukiweka do kwenye D, ni r, d, s, s. Kwa maandishi ya milio ya simu za zamani ni hivi:

```
Malipo:d=8,o=6,b=160:e,16d,a,4a
```

Noti ya kwanza inachukua kama milisekunde 188, ya pili 94, ya tatu 188, na ya mwisho 375 ikififia. Jumla ni kama milisekunde 845. Wimbo unashuka hatua moja kisha unaruka juu kwa tano, kutoka do hadi so, na mruko huo ndio unaosema "imeingia". Kwenye milio kama hii, kupanda mara nyingi hupokewa kama jambo lililokamilika vizuri. Kule kushuka kidogo kwanza kunautenga na milio mingi inayopanda moja kwa moja.

Ukiupiga hivyo tu kwenye simu, kasoro mbili zinajitokeza, na zote zinasikika kwa sikio bila kipimo.

Ya kwanza ni kwamba noti za A zinapiga kelele kuliko E na D, ingawa kwenye faili zina nguvu sawa. Toni yake ya mara mbili iko hezi 3520, na masikio ya binadamu yana hisia kali zaidi kati ya 2000 na 4000 hivi kwa sababu ya umbo la mfereji wa sikio. Spika nyingi za simu nazo zina nguvu ya ziada karibu na hapo. Vitu viwili vinasukuma upande mmoja. Tulishusha A ya kwanza kwa desibeli 3 na ya mwisho kwa 4, na wimbo ukawa sawia. Kwenye spika za studio sasa unasikika kama umedhoofika mwishoni. Inabidi kuukubali hivyo, kwa sababu hakuna muuzaji atakayeusikiliza studio.

Ya pili ni ukwaruzi mfupi kati ya noti ya kwanza na ya pili. Mkia wa E ulikuwa bado unavuma D ilipoingia. Tofauti yao ni hezi 144, na noti mbili zilizo karibu hivyo zinapolia pamoja kwa nguvu, sikio linasikia mkwaruzo. Spika ndogo inazidisha jambo hilo, kwa kuwa utando ukifikishwa ukingoni unazichanganya noti mbili na kuzalisha ya tatu ambayo hukuiandika. Tukaukata mkia wa E kwa kufifisha ndani ya milisekunde 15 pale D inapoanza. Kati ya D na A hatukukata kabisa, maana tofauti yao ni 585, ambayo ni D ya oktavu ya chini yake. Hata spika ikizichanganya, inatoa noti iliyo ya wimbo uleule. Kwa spika ndogo hiyo ndiyo faida ya kutumia tano badala ya noti zinazokaribiana, na ndiyo sababu pia niliwakatalia vijana akodi waliyoitaka mwishoni, yaani noti nne zikilia kwa pamoja.

Majaribio ya dukani yalikuwa na maswali mawili tofauti: unasikika, na unatambulika?

Kwa kusikika tuliweka simu za bei nafuu, zile ambazo wauzaji wanazo kweli, juu ya kaunta, juu ya gunia, na ndani ya mfuko wa aproni. Kitambaa humeza zaidi masafa ya juu, kwa hiyo mfukoni ile toni ya mara mbili ilipungua sana na noti za msingi zikabaki kubeba wimbo. Kama tungetegemea ukali wa hezi 3500 kutufikisha, mfukoni tungepotea. Mahali pagumu kuliko pote palikuwa kwa kaka wa chipsi. Mafuta yanayochemka yana kelele pana, iliyojaa mpaka juu kabisa, na inafunika eneo lilelile tulilokimbilia kukwepa injini. Pale aliusikia mlio akiwa hatua mbili kutoka kwenye simu, si akiwa kwenye karai. Hakuna noti itakayotatua hilo. Tuliwashauri waweke mtetemo na marudio moja baada ya sekunde chache kama skrini haijaguswa, na muuzaji awe na uhuru wa kuyazima.

Kwa kutambulika tulifanya jambo rahisi. Tulimpigia muuzaji mlio ukiwa umechanganywa na milio mingine ya simu yake, kisha baada ya muda tukamwomba auonyeshe kwa kugonga kaunta. Wengi waligonga taa-ta-taa-taaa bila shida, hata wale walioshindwa kuuimba. Tulipobadilisha noti na kuacha mapigo vilevile, bado waliuita "ule wa malipo". Tulipoacha noti vilevile na kusawazisha mapigo, mama mmoja wa vitenge alisema, "Huo ni wa meseji, mwanangu." Jibu hilo lilinitosha.

Kwenye kuuweka ndani ya programu kuna mtego mmoja unaopoteza siku nzima kwa asiyeujua. Tangu Android 8.0, mlio umefungwa kwenye chaneli ya arifa, na chaneli ikishaundwa kwenye simu ya mtumiaji, programu haiwezi kuibadilishia mlio. Vijana walibadilisha faili, wakasakinisha toleo jipya juu ya la zamani, na simu ikaendelea kutoa sauti ileile. Njia ni kuunda chaneli yenye kitambulisho kipya na kufuta ya zamani:

```
val ch = NotificationChannel("malipo_v2", "Malipo",
    NotificationManager.IMPORTANCE_HIGH)
ch.setSound(uriYaMlio, sifa)
manager.deleteNotificationChannel("malipo")
manager.createNotificationChannel(ch)
```

Faili lenyewe tulilitoa kwa umbizo la Ogg, tukikata kila kitu chini ya hezi 500, kwa kuwa chini ya hapo hakuna kinachosikika na nguvu inayotumika huko inaibwa kutoka kwenye noti:

```
ffmpeg -i malipo.wav -af "highpass=f=500" -c:a libvorbis -q:a 5 malipo.ogg
```

Tuliacha pia ukimya wa milisekunde 50 mwanzoni. Baadhi ya simu huwa zimelaza kikuza sauti ili kuokoa betri, na kikiamka humeza mwanzo wa sauti. Bila ukimya huo noti ya E ilikuja nusu, na mapigo yakasikika kama ta-ta-taa-taaa, jambo linaloharibu kile hasa tulichokijenga.

Jambo moja niliwaandikia kwenye makabidhiano kwa herufi kubwa: mlio huu usitumike kama uthibitisho wa malipo. Wauzaji wanajua meseji za kughushi, na mlio ni rahisi zaidi kughushi kuliko meseji, maana mtu yeyote anaweza kuurekodi na kuupiga kutoka kwenye simu yake akiwa amesimama mbele ya kaunta. Kazi ya mlio ni kumfanya muuzaji aangalie skrini yake.

Walipouliza kuhusu mlio wa malipo yaliyoshindikana, walitaka kuugeuza huu kichwa chini, upande unapopanda ushuke. Hapo tungerudia kosa la vile ving'ora vya hospitali: mapigo sawa, noti tofauti, na muuzaji mwenye haraka anasikia "malipo" tu. Tulichukua sauti ileile ili ijulikane ni ya programu hiyohiyo, tukaipa noti moja ya A ya chini, hezi 880, ikipigwa mara mbili taratibu kwa urefu sawa, na nafasi ya milisekunde 200 katikati. Haina wimbo wowote. Mama wa vitenge aliisikia mara moja na kuuliza, "Imekataa?"